Almasi na Grafiti: Juu ya Mmenyuko Unaowezekana Lakini Hautokei

Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi akathibitisha kwamba si kitu kingine ila kaboni, ndugu ya grafiti iliyomo ndani ya kalamu ya risasi. Swali lililofuata lilichukua muda mrefu kupata jibu: kati ya ndugu hao wawili, nani aliye imara?

Josiah Willard Gibbs, katika maandishi yake ya 1876 hadi 1878, alitoa kipimo ambacho leo twakiita nishati huru. Katika halijoto ya digrii 25 na shinikizo la kawaida la hewa, gramu 12 za almasi zikigeuka grafiti, nishati huru hupungua kwa kilojuli 2.9 hivi. Alama ni hasi. Basi almasi yapaswa kugeuka. Wanafunzi wengi huishia hapo, na lawama naiweka kwenye lugha: husemwa kwamba mmenyuko wa namna hii "hujiendea wenyewe", ilhali hesabu ya Gibbs haina wakati ndani yake. Hulinganisha mwanzo na mwisho tu, wala haisemi lolote juu ya njia iliyo kati yao.

Njia hiyo ndiyo shughuli ya kinetiki. Svante Arrhenius alieleza mwaka 1889 kwamba chembe hazina budi kupata kwanza nishati ya kuvukia kizuizi. Ndani ya almasi kila atomu ya kaboni imeshikwa na jirani wanne. Katika grafiti, watatu. Kwa hiyo vifungo vingi sharti vikatwe kabla ya mpango mpya kupatikana, na joto la chumbani halitoshi kabisa kwa kazi hiyo. Almasi ikipashwa bila hewa hadi digrii 1700 na zaidi, hugeuka grafiti upesi.

Maumbile yenyewe yamefanya jaribio hili mara mbili. Almasi huumbwa chini sana, zaidi ya kilometa 150, ambako shinikizo huifanya iwe imara kuliko grafiti. Zile za Mbuji-Mayi zilipandishwa na kimbaliti, yaani mwamba ulioyeyuka, ambao hupanda kwa kasi kisha hupoa. Zikanaswa hali ilivyo, nazo zimedumu hivyo tangu miaka milioni 70 hivi iliyopita. Huko Beni Bousera, Moroko, mwamba ulipanda polepole ukiwa bado na joto kali. Mwaka 1989 wanajiolojia walitangaza kwamba humo mna vipande vya grafiti vyenye pande nane, umbo ambalo ni la almasi wala si la grafiti. Almasi ilikwisha kugeuka, ikaacha sura yake tu.

Kote kuwili, shinikizo lilipopungua, alama ya Gibbs ilikuwa hasi.