Methali Ilipogeuka Kiitikio: Tuzo, Ugomvi na Ufundi wa Watunzi wa Taarabu

Tangu mwaka 2022, kila ifikapo Julai 7, dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili. Methali hubandikwa kwenye mabango, mgeni rasmi huchomeka mbili tatu katika hotuba yake, watu wanapiga makofi na kutawanyika. Kesho yake, Julai 8, hakuna shamrashamra. Ndiyo tarehe aliyofariki Siti binti Saad mwaka 1950, mwanamke aliyekuwa wa mbele katika kuifanya taarabu iimbwe kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Tarehe hizi mbili zimekaa jirani, na si vibaya kuzisoma pamoja, maana kilichoilea methali hadi leo si mabango. Ni kiitikio cha nyimbo.

Mbegu ni ya zamani kuliko Siti. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliwapiga wapinzani wa mji wake kwa mashairi ya mafumbo, na mashairi ya aina hiyo yana mstari wa mwisho unaorudi kila ubeti. Mstari huo huitwa kibwagizo au kipokeo, na methali hukaa humo kwa raha kwa sababu imekwisha kufupishwa na kunolewa na vizazi. Mwaka 1891 mmisionari William Taylor alichapisha mkusanyo wa methali za Waswahili. Wakati huo watunzi walikuwa wakizitumia bila kumsubiri mtu wa kuzikusanya.

Kuikaribisha methali kwenye kiitikio kunaonekana kazi nyepesi, ila aliyejaribu anajua ugumu wake. Shairi lililozoeleka lina mizani 16 kwa mstari, nane kabla ya kituo cha kati na nane baada yake. Chukua "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nusu ya kwanza ina mizani nane kamili: m-ta-ka-cha-m-vu-ngu-ni. Nusu ya pili haifiki nane. Mtunzi hachezei maana, anaongeza "ni", anairudisha "sharuti" ya kale, na mstari unakaa sawa: "Mtaka cha mvunguni, ni sharuti ainame." Nyingine zina kiburi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ina mizani 16 barabara, lakini pumzi yake inakatika baada ya kumi, si baada ya nane. Ukiilazimisha kwenye kipimo utalikata neno "mkuu" katikati. Mtunzi makini huiacha, au hubadilisha kipimo cha wimbo mzima.

Mizani ikikaa, inabaki kazi ya beti, na hapo ndipo wengi huanguka. Kosa la kawaida ni ubeti unaoieleza methali: kuinama ni vizuri, vijana wainame, asiyeinama atajuta. Huo ni wimbo wa darasani. Ubeti unaofanya kazi unaleta mtu mmoja, tendo moja na matokeo yake, kisha unaiachia methali itoe hukumu. Kwa mfano, mwandishi wa makala haya akijaribu:

Aliingia dukani, ushonaji kujifunza,
Hataki kukaa chini, vifungo akavitunza,
Leo mwenzake mjini, duka lake kalianza,
Mtaka cha mvunguni, ni sharuti ainame.

Hakuna jina humo, wala neno "uvivu". Kuna duka, vifungo na mwenzake aliyefika mbele. Vina vya kati vinamalizikia "ni" tangu mstari wa kwanza, kwa hiyo sikio limekwisha kuandaliwa kabla methali haijafika. Ubeti wa pili utahamia kwingine, pengine kwa mchumba anayetaka kuoa bila kufika kwa wazee wa binti, na methali ileile itamhukumu naye. Ubeti wa tatu ndio mtihani. Hapo mtunzi hodari huigeuza methali: yupo aliyeinama hadi mgongo ukapinda, na mvunguni hamkuwa na kitu. Maneno ya kiitikio hayabadiliki hata herufi moja, ila msikilizaji sasa anayaimba akiwa na shaka. Wimbo usio na mgeuko kama huo huishiwa nguvu mapema, hata sauti iwe tamu vipi.

Mwanaanthropolojia Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake mwaka 2002, ameeleza kwa kina kile ambacho wanawake wa pwani wanakijua bila kitabu: kwamba maana ya wimbo wa taarabu haikamiliki jukwaani. Inakamilika ukumbini, kwa tuzo. Mwimbaji anaimba, mama anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu kuelekea mbele, na anachagua mstari wa kufikia. Akifika kwenye mstari fulani huku amemtupia jicho fulani aliyekaa pembeni, ukumbi mzima umeelewa. Mtunzi alipotunga hakuwajua wanawake hao wawili. Ugomvi ni wao, wimbo wameukuta.

Hapo ndipo methali inapoyashinda maneno ya kubuni. Methali haina mwenyewe. Anayetunza kwenye methali akiulizwa amemkusudia nani, anajibu kwamba yeye kafurahia maneno ya wahenga tu. Naye aliyesemwa hawezi kulalamika bila kujitangaza kuwa limemfika. Kanga inafanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana jina la kanga na kiitikio cha taarabu hubadilishana maneno mara kwa mara: leo mstari uko jukwaani, kesho uko kiunoni.

Siti mwenyewe aliyajua mapambano haya. Watu wa mjini walimtungia beti za kejeli kwamba ni mtu wa shamba aliyeingia Unguja na kaniki, asiye na sura wala nasaba. Jibu lake, ambalo wazee wa Zanzibar bado wanalikumbuka, halikumtaja mtu wala kurudisha tusi. Lilisema jambo la jumla, kwamba uzuri wa uso si hoja, linalotakiwa ni akili. Mpaka leo jibu ndilo linalokumbukwa zaidi.

Bendi za dansi nazo ziliichukua njia hii. Studio ya maana ilikuwa moja, ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Methali ilikuwa hati nzuri ya kupitia. Remmy Ongala aliimba "Kipenda Roho", kutoka methali ya kipenda roho hula nyama mbichi, na wimbo huo ukaingia katika albamu yake ya mwaka 1989 iliyotoka Uingereza. Huyohuyo alipoimba "Mambo kwa Soksi", akisema wazi habari za kondomu, redio ya taifa haikuupiga.

Lakini ukumbi ulichemka kweli mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dar es Salaam. Kundi la Muungano la Norbert Chenga lilikuwa limejijenga tangu miaka ya 1980 kwa onyesho refu la ngoma, sarakasi, maigizo na muziki katika mabaa na kumbi. Mwaka 1992, vyama vingi vikirudi, likazaliwa Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba, kundi lililofungamana na CCM. Siri Lange, mtafiti kutoka Norwe aliyeyachunguza makundi haya na kuandika mwaka 1995, anaonyesha jinsi yalivyogombea watazamaji walewale wa baa na kulazimika kila mara kutafuta kipya. Kipya kilichovuta watu kuliko vyote kilikuwa taarabu ya mipasho.

TOT walimleta Khadija Kopa kutoka Zanzibar, aliyekuwa Culture Musical Club. Muungano walikuwa na Nasma Khamis. Kundi moja likitoa wimbo, jingine linajibu, na mashabiki, wengi wao wanawake, wanaingia ukumbini wakiwa wamejipanga kwa pande kama wa Simba na Yanga. Wakakaa chini wenye kupenda kinanda cha taratibu. Waliosimama walikuwa wenye jirani, mke mwenza au wifi wa kumjibu. Kwa kuwa kilichouzwa kilikuwa jibu, kiitikio kilibeba wimbo mzima. Kilipaswa kuwa kifupi, kishikike mara ya kwanza, na kiweze kuchukuliwa nyumbani usiku uleule na kutumika asubuhi kisimani.

Mwanzoni methali na misemo ilitosha. Kadiri pambano lilivyokolea ndivyo fumbo lilivyopungua. Kila jibu lilitakiwa kuuma kuliko lililopita, na njia ya mkato ya kuuma ni kumkaribia mtu mwenyewe. Muungano walikuwa na wimbo ulioitwa "Sanamu la Michelin". Jina hilo halihitaji mhenga wala beti za kulifafanua. Linachekesha, linaudhi, kisha linaisha. Wimbo wa mwili wa mtu hauwezi kutunzwa na mwanamke mwenye ugomvi wa mirathi. Wa "Mtaka cha mvunguni" unaweza, na utaweza tena kwa mjukuu wake.

Wapo wanaotetea, na wana hoja: mipasho iliwajaza wanawake kumbini na kuwapa sauti hadharani. Kweli. Hata hivyo, sauti hiyo ilikuwepo kabla, ndani ya fumbo, na ilikuwa na ukali wa kutosha.

Baada ya hapo vikaja vikundi vya modern taarab, kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, na bongo fleva ikawashika vijana. Methali haikufa. Lady Jaydee alipoimba "Siku Hazigandi" alionyesha kwamba msemo wa mtaani bado unabeba wimbo mzima. Ila siku hizi mara nyingi methali huwekwa kwenye kiitikio kama kibandiko: kiitikio kinasema haraka haraka haina baraka, beti zinasifu gari na viuno. Msikilizaji akitaka kujua kama wimbo umetungwa au umebandikwa, aiondoe methali kwenye kiitikio na aweke nyingine yoyote. Beti zikikaa vilevile, hazikuwa na kazi.

Kuna jambo moja ambalo redio zetu zinaweza kulifanya bila bajeti. Nyimbo hizi hutangazwa kwa jina la mwimbaji na kundi. Mtunzi, aliyepima mizani na kugeuza ubeti wa tatu, hatajwi. Watunzi wengi wamezeeka na daftari zao ziko majumbani. Mtangazaji anayesoma methali ya siku kila asubuhi na aanze kusoma pia jina la aliyeitungia beti.