Bodi ya sarafu na udolarishaji

Bodi ya sarafu na udolarishaji ni njia mbili ambazo nchi hutumia kuacha kujipangia thamani ya fedha yake mbele ya fedha za kigeni. Tofauti kubwa kati yake ni ugumu wa kurudi nyuma.

== Jinsi zinavyofanya kazi ==
Bodi ya sarafu hutoa noti na sarafu za nchi, lakini kwa kiasi cha akiba ya kigeni iliyo nayo tu. Anayeleta dola 100 hupewa fedha ya nchi kwa kiwango kilichowekwa na sheria, na akitaka hurudishiwa dola zake. Akiba hiyo huwekwa katika hatifungani za nje zinazoleta riba. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilifungamanisha shilingi 20 na pauni moja ya Uingereza. Mwaka 1966 nafasi yake ilichukuliwa na benki kuu za Kenya, Tanzania na Uganda.

Katika udolarishaji fedha ya nchi hufutwa, na watu hutumia dola yenyewe. Riba ile hupotea, kwa sababu noti za dola zilizo mifukoni mwa wananchi hazizai kitu. Faida huenda Marekani.

== Argentina na Ekuador ==
Mwaka 1991 Argentina ilipitisha sheria iliyofanana na ya bodi ya sarafu, na peso moja ikawa sawa na dola moja. Mfumuko wa bei ulikoma. Lakini mwaka 1999 Brazil ilipunguza thamani ya fedha yake, na bidhaa za Argentina zikawa ghali zaidi kuliko za jirani. Wananchi walihofia kwamba peso nayo itashushwa, wakakimbilia benki. Akiba ililinda noti, wala si amana zote za benki. Desemba 2001 serikali iliweka kikomo cha peso 250 kwa wiki kwa kila anayetoa fedha; Januari 2002 sheria ya mwaka 1991 ikaachwa. Katikati ya mwaka huo dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya peso tatu.

Ekuador ilichagua dola Januari 2000, chini ya rais Jamil Mahuad, kwa kiwango cha sukre 25,000 kwa dola. Mahuad aliangushwa mwezi huohuo, lakini dola ilibaki. Hata Rafael Correa, aliyeipinga, hakuiondoa katika miaka kumi ya urais wake (2007–2017).

== Tofauti ya kutoka ==
Bodi ikiwapo, fedha ya nchi ingali mikononi mwa watu, hivyo Bunge laweza kuishusha thamani kwa kubadili sheria. Hofu hiyo pekee hupandisha riba za mikopo. Penye dola hakuna cha kushusha: serikali ingelazimika kwanza kuchapisha fedha mpya na kuwashawishi watu waipokee. Hata hivyo, njia zote mbili huiacha benki kuu bila uwezo wa kuchapa fedha za kuokoa benki zinazoanguka.