Padri wa Pisa, kikomo kisichokuwepo, na usiku nilioamsha watu bure

Leo naomba mnivumilie kidogo kwa sababu nataka kuzungumzia hesabu, tena ile iliyotufanya wengi tusinzie mwaka wa kwanza chuoni. Mimi mwenyewe nilifaulu mtihani wa kalkulasi bila kuielewa vizuri sehemu hii. Nilikuja kuielewa baadaye kazini, baada ya kuaibika.

Kisa ni hiki. Mteja wetu mmoja alikuwa na seva mbili, na mbele yake programu ya kugawa kazi. Programu hiyo ilikuwa na tabia ya kuhama kila dakika: dakika moja seva ya kwanza inapata maombi 300 na ya pili 100, dakika inayofuata ya kwanza 100 na ya pili 300. Mimi niliandika programu ya ulinzi iliyotazama kila seva peke yake na kuuliza: je, idadi ya maombi inatulia? Ikiona hazitulii, ilitangaza kwamba mzigo mzima wa mfumo hautabiriki. Usiku wa manane ikatuma arafa kwa watu wanne. Asubuhi mteja akakodisha seva ya tatu.

Sasa jumlisha. 300 na 100 ni 400. 100 na 300 ni 400. Mzigo mzima haukuwa umetikisika hata kidogo! Mteja alilipia mashine ya mwezi mzima kwa sababu nilidhani kwamba vitu viwili visivyotulia haviwezi kuwa na jumla iliyotulia.

Nilipoanza kutafuta kosa langu lilitoka wapi, nikagundua kwamba wataalamu wakubwa walikosea jambo hilihili miaka mia tatu iliyopita, ila wao walikosea kutoka upande wa pili. Twende Italia.

Padri na jumla yake

Mwaka wa 1703 Guido Grandi, mtawa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pisa, alichapisha kitabu chenye jumla hii isiyoisha:

1 − 1 + 1 − 1 + 1 − 1 + ...

Ukizifunga mbilimbili, (1 − 1) + (1 − 1) + ..., unapata 0. Ukiacha ile ya kwanza nje na kufunga zinazobaki, unapata 1. Grandi naye alisema jibu ni 1/2. Kwa vile jumla ileile ilitoa 0 na pia 1/2, aliona humo mfano wa Mungu kuumba ulimwengu kutoka kwa utupu.

Njia ya kufikia nusu inavutia sana. Ita jumla hiyo S. Ukiondoa ile 1 ya mbele, kinachobaki ni jumla ileile yenye alama zilizogeuzwa, yaani −S. Kwa hiyo S = 1 − S, basi 2S = 1, basi S = 1/2. Mistari mitatu, kwisha kazi. Leibniz naye, katika barua iliyochapishwa 1713, aliikubali nusu. Hoja yake ilikuwa kwamba ukisimama penye hatua shufwa unapata 0, penye witiri unapata 1, na kwa kuwa nafasi ni sawa, chukua katikati.

Tujaribu kwa tarakilishi:

```python
def grandi(n):
    return sum((-1)**k for k in range(n))

print(grandi(1000))   # 0
print(grandi(1001))   # 1
```

Endesha hadi milioni, hadi bilioni. Utaona 0 na 1 zikipokezana. Hutaona 0.5 wala kitu kinachokaribia 0.5. Sasa ile mistari mitatu imekosea wapi?

Sheria yenye sharti mlangoni

Kabla ya kumjibu padri tuelewane maneno. Mfuatano wa namba una kikomo L kama, ukinipa umbali wowote mdogo unaoupenda, mimi naweza kukuonyesha hatua ambayo kuanzia hapo namba zote zinazofuata ziko ndani ya umbali huo kutoka L. Zote, si baadhi.

Sheria tulizofundishwa zasema: kikomo cha jumla ni jumla ya vikomo, kikomo cha zao ni zao la vikomo, na ukigawanya vilevile, mradi kikomo cha chini si sifuri. Sheria ya kuzidisha iliandikwa wazi katika juzuu ya 9 ya Encyclopédie ya Wafaransa, iliyotoka 1765, ndani ya makala kuhusu kikomo yanayohusishwa na d'Alembert pamoja na de la Chapelle. Ukiitazama namna ilivyopangwa utaona jambo moja: inaanza kwa kudhani kwamba C ni kikomo cha A, na D ni kikomo cha B. Ndipo inasema C × D ni kikomo cha A × B. Sharti liko mlangoni.

Kwa nini sharti hilo? Tazama sheria ya kujumlisha inavyothibitishwa. Unataka jumla iwe ndani ya 0.01 kutoka A + B. Mimi nasubiri mfuatano wa kwanza ufike ndani ya 0.005 kutoka A, nasubiri wa pili ufike ndani ya 0.005 kutoka B, halafu nachukua hatua iliyochelewa zaidi kati ya hizo mbili. Makosa mawili yakijumlishwa hayazidi 0.01. Basi, tumemaliza.

Lakini ondoa A. Sasa 0.005 kutoka wapi? Hakuna pa kupimia. Uthibitisho unafia kwenye mstari wa kwanza. Sheria haisemi jibu ni "hapana", wala haisemi "ndiyo". Inanyamaza tu. Nami kosa langu la usiku ule lilikuwa kusikia "hapana" mahali sheria ilipokuwa kimya.

Grandi yeye alisikia "ndiyo". Alipoandika S = 1 − S alikuwa ameshaamua kwamba S ipo. Tuandike kwa uangalifu: jumla ya hatua N+1 ni 1 toa jumla ya hatua N. Hiyo ni kweli kabisa. Kama kikomo S kipo, sheria inaruhusu tuseme S = 1 − S, kwa hiyo S ni nusu. Lakini jumla zote za hatua ni 0 au 1, na kila mojawapo iko umbali wa 0.5 kutoka nusu, daima. Haziwezi kuikaribia. Kwa hiyo kikomo hakipo! Mistari mitatu ya padri ni mizuri, ila inathibitisha kinyume cha alichotaka.

(Kwa haki yake: mwaka 1890 Ernesto Cesàro alieleza namna ya kuchukua wastani wa zile jumla za hatua, na wastani huo unaelekea 1/2 kweli. Lakini hicho ni kitu kingine chenye maana yake, si kikomo cha jumla yenyewe.)

Sheria ikinyamaza, nini kinaweza kutokea?

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Kwa kujumlisha, kama mfuatano mmoja una kikomo na mwingine hauna, jumla haiwezi kuwa na kikomo. Kwani ingekuwa nacho, ungetoa ule wenye kikomo na sheria ingekulazimisha ule mwingine uwe nacho pia. Lakini kama yote miwili haina, lolote laweza kutokea. Seva zangu mbili zilitoa 400 tupu. Kama zote mbili zingepanda na kushuka pamoja, jumla ingeruka kati ya 200 na 600.

Kwa kuzidisha kuna mtego zaidi. Chukua 1, −1, 1, −1 na uzidishe kwa wenyewe: unapata 1 kila mara, ingawa hakuna kikomo hata kimoja. Sasa zidisha mfuatano huohuo kwa 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea. Mmoja hauna kikomo, lakini zao linaelekea 0, kwa sababu ile inayorukaruka haizidi 1 na ile nyingine inaiminya. Yaani kikomo kikiwa sifuri, kinaweza kumeza fujo ya mwenzake. Kikiwa si sifuri hakiwezi, kwani ungegawanya tu na kurudi ulikotoka.

Kwa kugawanya, tazama (3n + 5)/(n + 2). Juu inakua bila kikomo, chini pia. Usizigawanye hivyo. Gawanya juu na chini kwa n kwanza: (3 + 5/n)/(1 + 2/n). Sasa juu inaelekea 3, chini inaelekea 1, sharti limetimia, na jibu ni 3. Kazi yote ilikuwa kuibadilisha sura hadi sheria ikubali kusema.

Cauchy na tarakilishi yako

Aliyeweka nidhamu ni Augustin-Louis Cauchy, katika kitabu chake cha 1821 kilichotokana na mafunzo ya École Polytechnique mjini Paris. Alisema wazi kwamba jumla isiyoisha ambayo haielekei kikomo haina jumla, nukta. Pale thamani inaporukaruka hakuficha. Aliandika sin(1/x), x ikikaribia 0, ndani ya mabano mawilimawili, na kueleza kwamba kikomo hicho kina thamani nyingi zisizohesabika kati ya −1 na 1. Leo tungesema tu kwamba hakipo.

Nidhamu hiyo unayo mezani sasa hivi. Fungua Python:

```python
>>> inf = float("inf")
>>> inf + inf
inf
>>> inf - inf
nan
>>> inf * 0
nan
>>> inf / inf
nan
```

Hizi ni kanuni za IEEE 754, zilizopitishwa 1985. Vitu viwili vikikua pamoja, jumla yake inakua, hakuna ubishi. Lakini kimoja kikikua huku kingine kikitolewa, jibu laweza kuwa 0, 7, au hakuna, na mashine haijui vilikua kwa mwendo gani. Hivyo inakupa `nan`, yaani si namba. Zamani nilikuwa nikiona `nan` nakasirika. Siku hizi naishukuru, maana imenyamaza mahali ambapo mimi nilipayuka.

Programu yangu niliirekebisha kwa mstari mmoja: inajumlisha kwanza, dakika kwa dakika, halafu ndiyo inauliza kama jumla inatulia. Seva ya tatu ilirudishwa mwisho wa mwezi. Pesa haikurudi.