Logi ya Namba Hasi: Ugomvi wa Mabingwa wa Hesabu

Kaeni vizuri, kila mmoja na penseli yake na kipande cha karatasi. Leo nitawaeleza habari za ugomvi uliodumu karibu miaka arobaini kati ya watu hodari sana wa hesabu huko Ulaya. Waligombana juu ya swali moja fupi: logi ya -1 ni ngapi?

Kwanza tukumbuke logi ni nini. Mwaka 1614 Mskoti mmoja, Bwana John Napier, alichapisha kitabu cha majedwali ya kuwapunguzia watu kazi ya kuzidisha. Katika jedwali kila namba ina mwenzake, na mwenzake huyo ndiye logi. Ukitaka kuzidisha namba mbili, unajumlisha logi zake tu, kisha unatazama jedwali kuona jumla hiyo ni logi ya namba gani. Katika logi tutakazotumia leo, logi ya 2 ni 0.693, na logi ya 3 ni 1.099. Zijumlishe. Umepata 1.792, na hiyo ndiyo logi ya 6, kwa kuwa mara mbili tatu ni sita.

Namba hizi zilitoka wapi? Fikiria kitu kinachokua bila kupumzika, na kila kinapokuwa kikubwa zaidi, ndivyo kinavyozidi kukua kwa kasi. Kasi yake ni sawasawa na ukubwa wake wa wakati ule. Kikianza na 1, baada ya muda wa 0.693 kitakuwa 2, na baada ya muda wa 1.099 kitakuwa 3. Basi logi ni muda wa kukua, kutoka 1 mpaka namba unayoitaka. Logi ya 1 yenyewe ni 0, maana hakuna haja ya kungoja.

Sasa tazama shida ilipo. Namba hasi, kama -1, iko upande wa pili wa sifuri, kama deni lilivyo upande wa pili wa mali. Kitu chetu kikiendelea kukua, kitafika mia, elfu, milioni. Tukirudisha wakati nyuma, kitapungua kuwa nusu, robo, punje. Lakini hata tungojee miaka elfu, hakitavuka sifuri kikawa deni. Tuseme nini basi juu ya logi ya -1?

Mwaka 1712 Bwana Leibniz wa Ujerumani na Bwana Johann Bernoulli wa mji wa Basel, Uswisi, walianza kuandikiana barua juu ya jambo hili. Walikuwa marafiki, na wote wawili walikuwa katika waanzilishi wa hesabu mpya za mabadiliko. Leibniz alisema logi ya namba hasi haipo miongoni mwa namba za kawaida. Bernoulli alisema, la, ipo, na logi ya -1 ni 0, sawa kabisa na logi ya 1.

Usimcheke Bernoulli, maana hoja yake ilikuwa na nguvu. Alisema hivi: -1 mara -1 ni 1. Kwa kanuni ya logi, logi ya -1 ukiijumlisha na nafsi yake lazima ikupe logi ya 1, yaani 0. Ni namba gani ambayo ukiijumlisha na nafsi yake unapata 0? Ni 0 peke yake. Jaribu wewe mwenyewe kuitafuta nyingine! Tena alisema logi za namba hasi hubadilika kwa mwendo ule ule wa logi za namba chanya, basi ni logi zile zile.

Barua zilikwenda na kurudi mpaka mwaka 1713, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Leibniz alifariki mwaka 1716, neno likiwa bado halijaamuliwa.

Sasa anaingia mtu wa tatu. Jina lake ni Leonhard Euler, tamka Oila. Alikuwa kijana wa Basel, mwanafunzi wa Bernoulli mwenyewe. Kila Jumamosi alasiri aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa mwalimu wake na maswali yaliyomshinda katika juma. Mwaka 1727 Euler alihamia mji wa Sankt Peterburg, Urusi, na kutoka huko alimwandikia mwalimu wake juu ya namba hizi. Si kazi rahisi kumwambia mwalimu wako aliyekulea kwamba hoja yake ina ufa, na Euler alikwenda polepole. Lakini ufa ulikuwepo, na ajabu ni kwamba ulionekana katika kazi ya Bernoulli mwenyewe.

Ili uuone, inafaa ujue namba moja ya ajabu inayoandikwa kwa herufi i. Ni namba ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake unapata -1. Watu wa siku zile waliiita namba ya kuwazika tu, kwa sababu haimo katika namba za kuhesabia mbuzi wala vikapu. Mwaka 1702 Bernoulli alikuwa ameonyesha njia inayounganisha logi za namba za namna hii na duara. Kutokana na kazi hiyo hutoka jambo hili: ukichukua logi ya i ukaigawanya kwa i, unapata robo ya mzingo wa duara ambalo nusu kipenyo chake ni 1. Robo hiyo ni 1.5708. Sasa, ikiwa logi ya -1 ni 0, na -1 ni i mara i, basi kwa hoja ile ile ya Bernoulli logi ya i nayo ni nusu ya 0, yaani 0. Basi mzingo wa duara ni 0! Mtu yeyote aliyewahi kuviringisha kamba kwenye pipa anajua kwamba hilo haliwezekani.

Na ile hoja ya mwendo ule ule? Euler aliijibu kwa urahisi. Watu wawili wakitembea kwa mwendo mmoja haina maana kwamba wako mahali pamoja. Huenda mmoja alianzia mbele ya mwenzake, na umbali kati yao hautabadilika hata wakitembea kutwa.

Lakini kuonyesha kosa ni jambo moja, na kutoa jibu ni jambo jingine. Jibu Euler alilitoa akiwa Berlin, katika makala ya mwaka 1749 iliyochapishwa mwaka 1751. Bernoulli hakuisoma, kwa sababu alifariki tarehe 1 Januari 1748.

Nitalieleza jibu hilo kwa picha. Picha hii Euler hakuwa nayo. Ilipatikana baada yake, mwishoni mwa karne ile, lakini inaturahisishia sana. Chora kigingi katikati ya uwanja, na mbuzi aliyefungwa kwa kamba ya urefu wa pima moja. Kigingi ni sifuri. Mbuzi amesimama upande wa mashariki wa kigingi, na mahali pale ni 1. Upande wa magharibi, pima moja kutoka kigingini, ni -1. Upande wa kaskazini ni i. Kuzidisha kwa -1 ni kugeuka nusu mzunguko. Kuzidisha kwa i ni kugeuka robo mzunguko, na robo mbili ni nusu, ndiyo maana i mara i ni -1.

Tulisema logi ni muda wa kukua, na kukua ni kusukumwa moja kwa moja kutoka kigingini. Kwa njia hiyo mbuzi hafiki magharibi kamwe. Lakini sukuma yake ikiwa ya ubavuni, kamba ikiwa imekaza, hatakwenda mbali wala karibu: atazunguka. Sukuma ya ubavuni ndiyo ile herufi i. Akitembea kwa kasi ya pima moja kwa kila kipande cha muda, atafika magharibi baada ya 3.1416, maana ndio urefu wa nusu ya mzingo. Basi logi ya -1 ni 3.1416 mara i, na tuandike 3.1416i. Sehemu ya kukua ni 0, sehemu ya kuzunguka ni 3.1416. Leibniz alikuwa na haki kusema haimo katika namba za kawaida.

Je, tumemaliza? Bado. Ukimkuta mbuzi magharibi asubuhi, utajuaje amezunguka mara ngapi usiku? Huenda alizunguka nusu tu. Huenda alizunguka mara moja na nusu, na hapo ametembea 9.4248. Huenda alikwenda kwa upande mwingine, na hapo tunaandika -3.1416. Majibu yote haya yanamfikisha mahali pale pale, na yote ni logi za -1, hayana mwisho. Hata 1 yenyewe ina logi nyingi: 0, halafu 6.2832i, halafu -6.2832i, na kuendelea. Namba chanya ina logi moja tu ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoandikwa katika majedwali. Namba hasi haina hata moja.

Sasa rudi kwenye hoja ya Bernoulli. Jumlisha 3.1416i na nafsi yake. Utapata 6.2832i, nayo ni logi ya 1! Kanuni haikuvunjika. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba 1 ina logi moja tu, ile ya 0. Leibniz naye alidhani hivyo hivyo, ndiyo sababu hakuweza kumjibu rafiki yake.

Si wote waliokubali. Bwana d'Alembert wa Paris, aliyekuwa ameandikiana na Euler juu ya jambo hili, aliendelea kushikilia 0 hata baada ya hapo.

Tujaribu pamoja hesabu moja: -2 mara -3. Kwenda kwenye -2, kua kwa 0.693 na zunguka 3.1416i. Kwenda kwenye -3, kua kwa 1.099 na zunguka 3.1416i. Jumla ni 1.792 na 6.2832i. Mbuzi amefanya mzunguko mzima, amerudi mashariki, na amesimama kwenye 6. Ungemzungusha -3 kwa upande mwingine, mizunguko ingefutana, ungebaki na 1.792 peke yake.

Mashine za kuhesabu za siku hizi, zile zinazokubali namba hizi, hutoa jibu moja tu, lenye mzunguko usiozidi nusu kwa kila upande. Mashine nyingi ndogo hukataa kabisa na kuandika kwamba kuna kosa. Kwa hiyo angalia: mashine itakuambia logi ya -1 ni 3.1416i, na logi ya 1 ni 0, na kanuni ya kujumlisha itaonekana imevunjika. Majibu yako mawili yakitofautiana kwa 6.2832i, au mara mbili yake, au mara tatu, usifute karatasi. Hesabu mzunguko uliosahauliwa.

Kabla ya somo lijalo, tafuta logi tatu za -6, na moja kati yake iwe ya mbuzi aliyezunguka kwa upande mwingine. Kwa herini.