Kwa nini pua huziba na kutoa damu wakati wa ujauzito

Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua inapokatika katika nyanda za juu za Kigoma, barabara za Kibondo na Kasulu hujaa vumbi na hewa hukauka. Katika kipindi hicho mjamzito anaweza kuamka akiwa na pua iliyoziba, au akakuta damu kwenye leso baada ya kupenga kamasi. Vumbi huchangia, lakini chanzo chenyewe kimo ndani ya mwili wake.

Mimba inapokua, homoni za estrojeni na projesteroni huongezeka sana. Homoni hizo hulegeza na kutanua mishipa ya damu, na wakati huohuo kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu kufikia miezi ya mwisho. Utando laini uliomo ndani ya pua una mishipa mingi midogo. Mishipa hiyo ikijaa damu, utando huvimba na njia ya hewa huwa nyembamba. Ikikaukiwa au kukwaruzwa, hupasuka. Kwa hiyo kuziba kwa pua na kutoka damu ni matokeo mawili ya jambo moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban wajawazito 20 katika kila 100 hutokwa na damu puani, ikilinganishwa na wanawake 6 katika kila 100 wasio na mimba.

Mafua au ujauzito?

Mafua ya kawaida huja na kikohozi, koo kuwasha au homa, na huisha baada ya siku chache. Kuziba kwa pua kunakotokana na ujauzito hakuna homa, hudumu wiki sita au zaidi, na huondoka ndani ya wiki mbili hivi baada ya kujifungua. Chafya nyingi na macho kuwasha ni dalili za mzio, ambao unaweza kuletwa na vumbi.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mimba ya miezi saba anayeishi Kasulu. Ni Julai, anapikia kuni, na pua imemziba kwa wiki tatu. Akinunua dukani dawa ya matone ya kuzibua pua, atapata nafuu siku ya kwanza. Lakini akiitumia kwa zaidi ya siku tatu hadi tano, utando huvimba upya kila dawa inapoisha nguvu, naye hulazimika kuongeza matone. Isitoshe, dawa hizo hubana mishipa ya damu, hivyo mjamzito hapaswi kuzitumia bila ushauri wa mganga. Kilicho salama zaidi ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kudondosha matone machache katika kila tundu. Kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito na kupikia mahali penye hewa ya kutosha pia husaidia.

Damu ikitoka

Aketi wima na kuinama mbele kidogo. Abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, huku akipumulia mdomoni. Kuinua kichwa nyuma ni kosa, kwani damu huingia kooni na kuleta kichefuchefu.

Damu ikiendelea kwa zaidi ya dakika 30, au akijisikia kizunguzungu, aende hospitali mara moja. Afanye hivyo pia iwapo anaumwa kichwa sana, anaona ukungu au amevimba uso, kwa kuwa hizo ni dalili za hatari za shinikizo la damu la ujauzito. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinahitaji uchunguzi. Damu inayotoka mara kwa mara, hata kidogo kidogo, ielezwe kliniki, hasa katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kigoma, ambako wajawazito wengi wamo katika hatari ya upungufu wa damu.

Harufu zinazochukiza

Wajawazito wengi husema kuwa wananusa kwa ukali zaidi, hasa miezi ya mwanzo. Harufu ya dagaa wa Kigoma au ya mawese yanayochemka, ambayo jana ilikuwa ya kawaida, leo inamfukuza jikoni. Hata hivyo, vipimo vingi havijaonyesha kuwa pua zao hugundua harufu hafifu kuliko za wengine. Kinachoonekana kubadilika ni namna harufu inavyopokewa: baadhi ya harufu huchukiza zaidi na kuamsha kichefuchefu. Homoni zimetajwa kuwa sababu, ingawa uhusiano huo haujathibitishwa. Chakula kilichopoa hutoa harufu kidogo, hivyo huliwa kwa urahisi zaidi. Anayetapika kiasi cha kushindwa kubakiza hata maji tumboni anahitaji matibabu.