Subira ya Ayubu haikuwa ya kunyamaza: utenzi wa usiku wa Ramadhani bara ya Lindi

Mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani uliandama mwanzoni mwa Machi, na kwa mkulima wa Nambilanje wilayani Ruangwa, au wa vijiji vya upande wa Nachingwea, huo ni wakati mgumu. Fedha za korosho zilizopatikana kati ya Oktoba na Desemba zimekwisha, ufuta bado uko shambani, na ghala la mahindi linaonekana sakafu. Mtu anafunga mchana huku palizi inamsubiri. Jioni wakikusanyika baada ya tarawehe, na mmoja wao akasimama kughani utenzi juu ya subira, swali linakuja lenyewe: maneno haya yanamwambia nini mtu aliyekwisha subiri kiasi hicho? Jibu lililozoeleka, hasa kwa waliosoma historia ya ukoloni, ni kwamba ushairi wa namna hii ulimfundisha mnyonge kukubali unyonge wake. Mimi naona jibu hilo halikuusoma utenzi wenyewe, wala halikuitazama historia ya kusini ambako aina hii ya dini na ushairi iliota mizizi.

Tuanze na kisa, kwa kuwa tungo za subira za Waswahili karibu zote humrudia mtu mmoja, Nabii Ayubu. Qurani inamtaja kwa ufupi sana katika Suratul Anbiyaa, aya ya 83 na 84, na katika Sura Swaad kuanzia aya ya 41 hadi ya 44. Aya hizo chache zina mambo mawili ambayo watunzi hawakuyaacha. La kwanza ni kwamba Ayubu anamlilia Mola wake kuwa dhara imempata, na anajibiwa. La pili ni kiapo: anaambiwa ashike kicha cha vijiti apige nacho ili asivunje kiapo chake, na wafasiri wanaeleza kwamba alikuwa ameapa kumpiga mkewe mapigo mia, Mungu akamfanyia wepesi. Masimulizi ya visa vya Mitume yakaongeza nyama. Mke akapewa jina la Rahma, akawa mtumishi wa nyumba za watu ili amlishe mumewe, na siku alipokosa kazi akakata nywele zake akazitoa kwa mkate. Kutokana na masimulizi hayo ukatungwa Utenzi wa Ayubu kwa Kiswahili cha pwani ya kaskazini. Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920, na J. W. T. Allen akautia katika kitabu chake Tendi mwaka 1971.

Umbo lake ni la zamani kuliko kuchapishwa kwake. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728 huko Pate, unatumia umbo hilo hilo, na Mwana Kupona alilitumia mwaka 1858 kumwachia binti yake wasia. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina vina vya aina moja, cha nne kinabeba bahari, yaani kina ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ili tuone linavyofanya kazi, hizi hapa beti mbili nilizoziunga kwa ajili ya makala haya:

Alilala kitandani
Maradhi yako mwilini
Akamwita Rahamani
Dhiki imenifikia

Mkewe hakumtupa
Kazi za watu kachapa
Nywele zake akalipa
Mkate kujipatia

Hesabu kipande cha kwanza cha ubeti wa pili: m-ke-we-ha-ku-m-tu-pa. Ni mizani nane kwa sababu kila «m» inayosimama peke yake ina mizani yake. Msomaji anayeimeza anabaki na sita na sauti yake inachechemea, naye hujazia kwa kuvuta irabu pasipostahili. Mtunzi mchanga naye hukosea upande wa pili. Akiandika «mke wake hakumtupa» amefika tisa, na hapo mghani itabidi akimbize maneno mawili ya mwanzo. Makosa haya hayaonekani kwenye karatasi. Yanasikika mara tu mtu anapoanza kughani. Lakini angalia zaidi kile kipande cha nne. Wasikilizaji wanajua kitaishia wapi kabla hakijatamkwa, kwa hiyo asiyejua kusoma anaweza kuushika ubeti kwa kuusikia mara chache. Piga pia hesabu ya muda. Ubeti mmoja ukighaniwa kwa utulivu huchukua kama sekunde kumi na mbili, hivyo beti 300 ni saa moja kamili. Utenzi wa ukubwa huo unakaa vizuri kati ya tarawehe na usingizi, ukabaki muda wa kulala kabla ya daku.

Sasa turudi kwenye hoja. Anayesema utenzi wa subira unafundisha kunyamaza anapaswa kuonyesha mahali Ayubu aliponyamaza. Kisa hakina mahali hapo. Sehemu kubwa ya simulizi ni hasara inayotajwa moja baada ya nyingine: wanyama, watoto, afya, jirani wanaomkwepa, mke anayefanya kazi za watu. Kisha kinakuja kilio chenyewe, tena kilio chenye jibu. Ayubu hakuambiwa amekufuru kwa kulalamika. Kinachomtofautisha na asiyesubiri ni nani anayemlalamikia, naye hakwenda kwa Iblisi. Mtunzi akitaka kuhubiri utiifu mtupu, kisa hiki ni kibaya kwake, kwa sababu lazima apite kwenye malalamiko ili afike kwenye malipo.

Mpinzani atasema hiyo ni tafsiri ya maandishi, na maandishi yenyewe ni ya Lamu na Pate, mbali na Wamwera wa bara ya Lindi. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa ni kweli Uislamu ulichelewa kuingia vijijini huku. Mwanahistoria Felicitas Becker, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu kusilimu kwa watu wa bara ya Tanzania, anaonyesha kwamba vijiji vya kusini-mashariki viliingia Uislamu kwa wingi katika miongo iliyofuata Vita vya Maji Maji, na kazi kubwa ilifanywa na wanavijiji wenyewe na walimu wadogo wasiokuwa na majina makubwa. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa imepita motoni. Agosti 1905 misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, Wajerumani wakajibu kwa kuchoma vijiji na vyakula, njaa ikafuata. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kusini yote kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Miaka kumi na miwili baadaye, Oktoba 1917, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yakapigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na vijiji vya jirani vikatoa wapagazi na chakula kwa lazima. Waliopokea dini baada ya hayo hawakuhitaji kufundishwa kuvumilia. Walichokosa ni lugha ya kuitaja hasara mbele ya wenzao bila kudhalilika, na kisa cha mtu mwema aliyepoteza kila kitu bila kosa lake kiliwapa lugha hiyo.

Na Lindi haikuwa ikisubiri tungo ziletwe kutoka Lamu peke yake. Abdul Karim bin Jamaliddini, mwanachuoni wa mji huo, alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji wenyewe, ambao W. H. Whiteley aliuchapisha mwaka 1957. Kwa umbo lile lile la mizani nane anasimulia askari, mauaji na vijiji vilivyoungua. Kaskazini kidogo, Kilwa, Hasani bin Ismail alitunga Swifa ya Nguvumali, habari za mganga na uchawi, iliyochapishwa na Peter Lienhardt mwaka 1968. Tungo hizi mbili si za ibada, lakini zinathibitisha kwamba hadhira ya kusini ilikuwa imezoea kukaa na kusikiliza utenzi mrefu unaosema mambo machungu. Walioujua utenzi kama chombo cha kusimulia vita hawangeusikia ule wa Ayubu kama wimbo wa kubembelezea watoto.

Hata watawala hawakuiamini dini hii kuwa ya kunyamaza. Mwaka 1908 ilienea barua iliyojulikana kama Barua ya Makka, ikiwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia na kuwataka wajitenge na maovu. Lindi ilikuwa mojawapo ya mahali ilipoleta mtikisiko, na maofisa wa Kijerumani walihofu Maji Maji ya pili. Kama mahubiri ya Waislamu wa kusini yangekuwa dawa ya usingizi, serikali isingehangaika na karatasi ya toba. Nakubali, hata hivyo, kwamba neno la subira limetumiwa vibaya, na linaendelea kutumiwa. Mwenye deni la ufuta wa wakulima akiwaambia wasubiri, hafanyi ibada. Utenzi hauwezi kuzuia kuibiwa kwa neno lake, lakini una kinga moja: Ayubu anasubiri ugonjwa na mauti, mambo yasiyo na mtu wa kudaiwa. Hakuna ubeti unaomwambia Rahma afanye kazi bila ujira.

Limebaki pingamizi la wacha Mungu, nalo si dogo. Tangu miaka ya 1980 na 1990, vijana wa Ansari Sunna mkoani Lindi kama kwingineko wamekuwa wakihoji dhikiri, maulidi na kila kinachoghaniwa katika ibada, wakisema usiku wa Ramadhani ni wa Qurani. Kuhusu ubora wa Qurani hakuna ubishi. Ila utenzi haushindanii nafasi na rakaa, ziwe nane au ishirini. Unakaa katika saa ambayo, usipokuwepo, hujazwa na redio na porojo. Pia unafanya kazi ambayo kisomo cha Kiarabu peke yake hakiifanyi kwa mkulima asiyejua Kiarabu: unamwelewesha zile aya za Sura Swaad alizozisikia imamu akizisoma. Wanapokuwa na haki hasa wapinzani hawa ni kuhusu nyongeza za masimulizi, kama ile ya funza mwilini mwa Nabii, ambazo wanazuoni wengi wamezikataa. Mtunzi wa leo anaweza kuziacha bila kupoteza chochote.

Anachopoteza kwa kukata ovyo ni kingine. Usiku ukiwa mfupi, msomaji anayetaka kupunguza beti mara nyingi hukata kilio cha Ayubu na mahangaiko ya Rahma, akiona yanahuzunisha, akabakiza sifa za mwanzo na malipo ya mwisho. Afanye kinyume chake: akate orodha ya mali ya Ayubu, asiguse kilio.