Nani Atie Saini Kabla ya Mtoto Kuzaliwa

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu katika shauri la pacha waliozaliwa na mwanamke aliyekuwa amebeba mimba kwa niaba ya mume na mke wengine. Watatu hao walikuwa na mkataba, na hakuna hata mmoja aliyegombana na mwenzake. Kikwazo kilikuwa karatasi moja tu, taarifa ya kuzaliwa ambayo hospitali hujaza kabla ya msajili kutoa cheti. Karatasi hiyo ina nafasi ya jina la mama mmoja, na hospitali haikujua iandike jina la nani. Ikamwita Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, naye akawapeleka pacha kwenye makao ya watoto kana kwamba wametupwa. Jaji David Majanja aliona kwamba kitendo hicho kilivunja haki za watu wazima hao watatu. Lakini alikiri pia kwamba sheria ya Kenya ya kusajili vizazi na vifo haikusema neno juu ya jambo hili.

Ridhaa ilikuwepo basi, tena kwa maandishi. Kilichokosekana ni sheria ya kuipa nguvu. Tofauti hiyo inaonekana wazi tukitazama jinsi Waingereza, mafakihi wa Kiislamu na Wanandi walivyolijibu swali lile lile: mzazi ni nani, na lazima nani akubali kabla?

Uingereza wameiandika ridhaa mpaka kwenye herufi. Sheria yao ya mwaka 2008 inaanza kwa kauli ngumu: aliyebeba mimba ndiye mama, hata kama yai si lake. Baba, au mzazi wa pili, anategemea ndoa. Mume wa mwanamke aliyetibiwa kwa mbegu za mfadhili ni baba wa mtoto, isipokuwa ithibitike kwamba hakukubali matibabu yale. Mwenzi ambaye hawajafunga ndoa hana upendeleo huo. Yeye anajaza fomu iitwayo PP, na mwanamke anajaza yake, WP. Zote mbili zitiwe saini na zikabidhiwe kliniki kabla ya mbegu au kiinitete kuwekwa tumboni. Fomu ikisainiwa kesho yake, kisheria ni sawa na kwamba haikusainiwa.

Ukali huo uliuma mwaka 2013. Jaji Cobb alikuwa na shauri la wanawake wawili waliokuwa wametengana, na akaamua kwamba yule ambaye hakujifungua si mzazi kisheria, kwa sababu kliniki haikuwa imefuata taratibu za ridhaa. Mamlaka inayosimamia kliniki za uzazi ikaziagiza zote zikague mafaili yao. Kati ya kliniki 109, 51 zilikuta kasoro: fomu zimepotea, tarehe zimekosewa, au wenzi wamejaza fomu ya ndani ya kliniki badala ya zile mbili za sheria. Watu waliokuwa wakilea watoto, majina yao yakiwa kwenye vyeti vya kuzaliwa, wakapokea barua za kuwaambia kwamba huenda wao si wazazi.

Septemba 2015 Jaji James Munby alishughulikia kundi la mashauri hayo kwa pamoja. Alikubali kwamba fomu iliyopotea inaweza kuthibitishwa kwa ushahidi mwingine kuwa ilisainiwa, na kwamba kosa la wazi la kalamu linaweza kurekebishwa. Fomu ya ndani ya kliniki nayo ingehesabiwa, mradi maudhui yake yanatosha. Hakuigusa kanuni ya wakati: ridhaa lazima itangulie matibabu. Kwa maoni yangu hapo alikuwa sahihi. Ridhaa ikiruhusiwa kuja baada ya mtoto, anayetaka kukwepa mzigo atakuwa na muda wa kutazama kwanza mambo yanakwendaje.

Katika mimba ya kubebewa, Mwingereza anageuza mpangilio huo. Aliyejifungua ndiye mama, na akiwa ameolewa, mumewe anaweza kuhesabiwa baba wa mtoto ambaye hana hata tone lake la damu. Wanaokusudia kulea huomba amri ya mahakama, na ridhaa ya mbebaji kwa amri hiyo ni batili ikitolewa kabla ya wiki sita tangu kujifungua. Yaani kwa wenzi sheria inataka saini mapema kabisa, na kwa mbebaji inaikataa saini ya mapema. Si kigeugeu. Saini ya mwenzi inapokea mzigo, ya mbebaji inaachia mtoto, na sheria haiamini kwamba mtu anaweza kuachia mtoto asiyemjua.

Mafakihi wa Kisunni wanaanza mahali pale pale, kwa sababu Kurani katika Suratul Mujadila inasema mama ni yule aliyezaa. Ila kwao ridhaa haina kazi ya kuhamisha nasaba. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq wa Misri alihalalisha kutungisha mimba nje ya tumbo kwa mke na mume walio katika ndoa, bila mtu wa tatu. Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1984 lilijaribu kufungua mlango mdogo, kwamba mke mwenza abebe kiinitete cha mwenzake, kwa kuwa mume ni mmoja. Mwaka uliofuata likaufunga. Hoja ilikuwa kwamba huyo mke mwenza anaweza pia kushika mimba ya kawaida ya mumewe, wazaliwe wawili, na isijulikane yupi ni wa nani. Hata wake wote wawili na mume wao wakitia saini, shaka hiyo haiondoki. Kwa Mashia wa Irani mambo ni tofauti: sheria ya mwaka 2003 inaruhusu mke na mume wasiopata mtoto kupokea kiinitete cha wanandoa wengine, lakini wapokeaji waende wote wawili mahakamani kuomba.

Wanandi hawakuhitaji maabara. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume wa kurithi nyumba yake anaweza kuoa mwanamke mwenzake kwa kutoa ng'ombe wa mahari. Watoto wanaozaliwa na mke huyo ni wa nyumba ya aliyeoa, na mwanamume aliyewazaa hana dai. Mwaka 2011 Jaji Ojwang katika Mahakama Kuu ya Mombasa aliitambua ndoa ya namna hiyo katika shauri la mirathi. Ridhaa hapa hutolewa mara moja, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na inawafunga watoto wote watakaofuata. Anayeulizwa kidogo kuliko wote ni yule atakayezaa. Wanaopenda kuisifu mila hii huliruka hilo.

Nchini Kenya mbunge Millie Odhiambo amepigania kwa miaka muswada wa uzazi wa kusaidiwa. Mkataba wa kliniki bila sheria ya namna hiyo ni makubaliano ya watu binafsi, wala haumwambii msajili aandike jina gani. Kwa hiyo unayefikiria njia hii, usiridhike na wakili aliyekuandikia mkataba mzuri. Muulize kabla ya kiinitete kuwekwa: siku ya kujifungua, muuguzi mwenye ile taarifa ya kuzaliwa ataandika jina la nani, na ni mahakama ipi itakayolibadilisha?